Kivuli cha Manjano Kwenye Jani la Kijani

(Mazungumzo yaliyotolewa na idara ya afya mbele ya kamati za zahanati za misheni)



Leo hatukuja na hotuba ndefu. Tumekuja na hadithi. Tumeitunga wenyewe, ili asije mtu akatoka hapa akisema, "Kumbe walikuwa wanasema zahanati yetu!" Lakini hatua zilizomo ndani yake si za kutunga. Ni zile zile ambazo mmoja wenu anaweza kulazimika kuzifuata kesho asubuhi, gari la mzigo likishaondoka.

Haya, sikilizeni.

Palikuwa na zahanati ya misheni huko upande wa ziwa, mahali ambapo mvua ndefu zikiisha, malaria inaingia kila boma. Msaidizi wa chumba cha dawa alikuwa binti wa miaka 26. Watu wa pale walimwita Mama Dawa, ingawa hakuwa ameolewa wala hakuwa na mtoto. Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake walimchekea: alikuwa hatupi kisanduku kizuri. Kisanduku kimoja kitupu cha dawa ya malaria, ile ya mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, alikuwa amekiweka mezani na kukitumia kutia kalamu na mkasi.

Mwezi wa sita mwaka huo dawa ya malaria ilikwisha. Agizo la kawaida lilikuwa bado njiani, na foleni ilikuwa inafika mpaka chini ya mwembe. Kamati ilikutana, na mweka hazina akasema anajua duka la jumla mjini ambalo bei yake ni karibu nusu. Kwani nani angekataa? Tukumbuke, kamati ile haikuwa na watu wabaya. Walikuwa wanaona watoto wanatetemeka kwa homa na rafu ni tupu.

Mzigo ulifika Alhamisi saa kumi na mbili jioni, giza linaingia na stima imepotea. Ilikuwa katoni moja yenye visanduku 4, kila kisanduku na pakiti 30 za vidonge 24, jumla pakiti 120. Mama Dawa alihesabu kwa tochi, akaona hesabu ni sawa, akatia sahihi. Kesho yake asubuhi alifungua kisanduku cha kwanza, akawapa dawa wagonjwa watatu: kijana wa bodaboda, nyanya mmoja, na mtoto wa kilo 20. Wale wakubwa walipata pakiti nzima, vidonge 24 kila mmoja. Mtoto alikatiwa nusu ya pakiti, vidonge 12, ameze viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tatu.

Saa sita mchana foleni ikapungua. Akawa anapanga visanduku rafuni, akaweka kimoja karibu na kile chake cha kalamu, na mwanga wa dirisha ukaviangukia vyote viwili. Hapo ndipo alipoona.

Nyinyi nyote mnalijua lile jani la kijani linalochapwa kwenye pakiti za dawa hii. Kwenye kisanduku cha zamani, jani lilikuwa kijani moja safi, na ukingo wake umekatika vizuri kama kwa wembe. Kwenye kile kipya, upande mmoja wa jani kulikuwa na kivuli chembamba cha manjano. Ni kama unywele. Ungeweza kukiangalia mara kumi usikione. Alichukua kioo cha kukuza, kile ambacho Sista alitumia kusomea Biblia, akatazama tena. Jani la zamani lilikuwa wino mmoja, umejaa. Jani jipya lilikuwa vitone, vidogo vidogo, vya buluu na vya manjano, ambavyo kwa mbali macho yanaviunganisha kuwa kijani.

Hebu tusimame hapa kidogo tueleze, maana hili ndilo jambo lenyewe. Kuna njia mbili za kuchapa kijani. Mchapaji anaweza kununua wino wa kijani uliokwisha kuchanganywa, akachapa mara moja. Au anaweza kuchapa vitone vya buluu, kisha juu yake vitone vya manjano, kila rangi na bamba lake. Bamba moja likisogea hata kidogo sana, rangi moja inachungulia pembeni, na hicho ndicho kivuli. Sasa mtu akichukua kisanduku halali, akakipiga picha kwa mashini na kukichapa upya, mara nyingi kile kilichokuwa wino mmoja kinageuka vitone. Kwa hiyo kivuli kilikuwa kinamwambia Mama Dawa kwamba huenda kisanduku hiki ni picha ya kisanduku kingine.

Tumesema "huenda." Hata kiwanda halali bamba husogea siku moja moja. Kiwanda halali pia hubadilisha mchapaji, hubadilisha karatasi, hubadilisha hata umbo la kisanduku bila kutuambia sisi wa vijijini. Kwa hiyo dosari ya chapa haithibitishi kwamba dawa ni bandia. Inakupa sababu ya kusimamisha mkono na kuangalia mambo mengine.

Akaangalia mengine. Kwanza nambari ya bechi, yaani nambari ya fungu la dawa lililotengenezwa pamoja kiwandani. Nambari hii inatakiwa iwe ile ile kwenye katoni ya nje, kwenye kisanduku, kwenye pakiti na kwenye ile karatasi ya bati inayofunga vidonge. Zilikuwa sawa zote. Tarehe ya mwisho pia ilikuwa sawa. Mwingine angepumua hapo, akasema Mungu ni mwema, akarudi kazini.

Yeye akapanga pakiti kumi mezani kwa safu. Kwenye kisanduku chake cha zamani, nambari na tarehe zilikuwa zimepigwa baadaye, kwa mashini nyingine, na zilikuwa zimekaa upande kidogo, na ukipitisha kidole unahisi kabonde. Ndivyo kawaida ilivyo: kiwanda huchapa visanduku vingi kwanza bila nambari, halafu siku ya kutia dawa ndipo hupiga nambari ya bechi. Kwa hiyo haziwi mahali pamoja kabisa kwenye kila pakiti. Lakini pakiti kumi zile mpya, nambari zilikuwa mahali pamoja kwa kila moja, hazina kabonde, na wino wake ulikuwa ule ule wa maandishi mengine. Zilinyooka kupita kiasi.

Akazima feni, akafunga dirisha la dawa, akaenda kwa Sista msimamizi.

"Sista, nimesimamisha ile dawa ya malaria ya jana."

"Umesimamisha? Na watu walio nje?"

Akamwonyesha. Sista akatazama kwa kioo, akakaa kimya, akauliza, "Mwanangu, una uhakika ni bandia?"

"Hapana Sista, sina uhakika. Ndiyo sababu siwezi kuitoa."

Wapendwa, jibu hilo lilimgharimu. Mweka hazina aliitwa, akaja na hasira. Alisema pesa za kanisa zimelipwa, alisema binti huyu anataka kumwaibisha, alisema kivuli gani hicho, hata gazeti la kila siku lina vivuli. Na dereva wa duka la jumla, aliyepigiwa simu na mweka hazina mwenyewe, alijibu kwa upole sana: "Hiyo ni kitu kidogo tu, kwa mashini huwa inatokea. Kesho asubuhi nakuja kuchukua hiyo katoni, nawaletea ingine."

Hapo kila mtu alifurahi isipokuwa Mama Dawa. Akasema, "Mzee, tafadhali tusiirudishe."

Mbona asirudishe? Hili wengi wetu tunakosea, tena kwa nia nzuri. Dawa ikirudi kwa aliyeileta, ushahidi umekwenda nayo. Kama ni bandia, kesho kutwa itauzwa kwa zahanati nyingine, ambako labda hakuna mtu mwenye kisanduku cha kalamu. Na kama ni halali, hatutajua kamwe, na tutaendelea kuogopa kivuli. Dawa inayoshukiwa inakaa pale pale ilipopatikana, imetengwa, imefungiwa, mpaka wanaohusika waje.

Basi wakaitenga. Walihesabu tena mbele ya watu watatu: pakiti nzima 117, na nusu pakiti moja ya vidonge 12. Wakazitia zote katika katoni yake ile ile, wakafunga kwa gundi ya karatasi, wakaandika kwa kalamu nene USITUMIE, na tarehe, na sahihi tatu. Katoni ikafungiwa katika kabati la Sista, mbali na jua. Maana dawa ikipata joto ikaharibika, maabara itashindwa kujua kama ilikuja mbovu au iliharibikia kwenu. Ankara na hati ya mzigo zikawekwa pamoja nayo, na kile kisanduku cha kalamu pia kikaenda kabatini.

Kisha Sista akampigia mfamasia wa kaunti. Mfamasia akawaambia wajaze ile fomu ya rangi ya waridi ya Bodi ya Famasi na Sumu, inayotumika kuripoti dawa yenye ubora wa mashaka. Msiichanganye na fomu ya manjano, ambayo ni ya mgonjwa aliyedhurika na dawa. Siku hizi ripoti hizo hupelekwa pia kwa mtandao wa Bodi unaoitwa PvERS. Waliandika jina la dawa, kiwanda, nambari ya bechi, tarehe zote mbili, nani aliuza, lini, ngapi zimefika, ngapi zimetolewa. Na katika nafasi ya maelezo Mama Dawa aliandika alichokiona tu: kivuli cha manjano, vitone, nambari zisizo na kabonde. Hakuandika neno "bandia." Hakumshtaki mtu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halingengoja fomu. Wagonjwa watatu.

Hapa daftari la wagonjwa ndilo lililookoa. Kila jina lilikuwa na kijiji na jina la mzee wa mtaa. Saa tisa alasiri mhudumu wa afya wa kijiji alipanda pikipiki. Kijana wa bodaboda alipatikana stendi, akarudi na pakiti yake. Nyanya alikuwa amemeza mara moja tu. Mama wa yule mtoto ndiye aliyekataa.

"Mnarudisha dawa kwa nini? Mtoto wangu homa imeshuka. Amekula uji. Dawa inafanya kazi!"

Mhudumu hakujua la kumjibu, na kusema kweli wengi wetu hapa tusingejua. Homa kweli ilikuwa imeshuka. Ngojeni kidogo, mtaona kwa nini.

Jumamosi alfajiri mama yule alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni. Homa ilikuwa imerudi, alikuwa anatapika na hawezi kukaa. Hawakumpima kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, kwa sababu kile huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata kwa mtu aliyekwisha kupona. Walitazama damu kwa hadubini, na wadudu walikuwa wengi. Mtoto alipelekwa hospitali ya kaunti ndogo kwa gari la paroko, akapigwa sindano za artesunati, akalazwa. Alipona. Wale wakubwa wawili walianzishiwa dozi mpya kamili, kutokana na dozi 20 ambazo Sista aliazima kituo cha afya cha serikali kilicho jirani. Hakungoja majibu ya maabara ili kuwatibu, na alifanya vema.

Majibu yalikuja kwa mafungu. La kwanza lilitoka kiwandani, kupitia Bodi: nambari ile ya bechi ni ya kweli, tuliitengeneza, lakini tarehe ya mwisho ya bechi hiyo si hiyo iliyoandikwa kwenye pakiti zenu. Mnaona ujanja? Mwizi alinakili nambari halali, ili mtu akiitafuta aikute, halafu akajipa tarehe aliyoipenda. La pili lilitoka maabara ya taifa ya kupima ubora wa dawa, Nairobi, baada ya wiki kadhaa. Ndani ya vidonge hamkuwa na artemetha wala lumefantrini. Kulikuwa na unga wa kufinyanga kidonge, na parasetamoli.

Parasetamoli ndiyo iliyoshusha homa ya mtoto. Mama hakuwa mjinga. Alitazama kipimo alichokuwa nacho, yaani mkono wake kwenye paji la uso, na kipimo hicho kilidanganywa kwa makusudi.

Ujanja huu tunaujua kutokana na mambo yaliyotokea kweli. Huko Asia ya Kusini Mashariki, artesunati bandia zilienea sana, na mwaka 2008 daktari Paul Newton na wenzake, waliofanya kazi pamoja na polisi wa kimataifa wa Interpol, walichapisha uchunguzi wao. Walipima sampuli 391. Kati yake 195 hazikuwa na artesunati, au zilikuwa nayo kidogo tu. Baadhi zilikuwa na parasetamoli. Na ile stika ya kung'aa iliyobandikwa ili kuthibitisha uhalali wa pakiti, walikuta imeigwa kwa namna 16 mbalimbali. Watu walijifunza kuzitambua kwa makosa madogo ya chapa, na waigaji nao wakaendelea kurekebisha makosa hayo.

Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya bechi bandia ya Zidolam-N, dawa ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Karibu wagonjwa 3,000 walikuwa wamefikiwa nayo. Kulikuwa na vidonge vilivyobadilika rangi, vinavyovunjika, vyenye ukungu. Kwa hiyo msije mkasema haya ni ya ng'ambo.

Turudi kwa hadithi yetu tuimalize. Mwenye duka la jumla alipoulizwa na wakaguzi, ilionekana alinunua katoni zile kwa mtu aliyekuja na gari, bila karatasi yoyote ya kuonyesha zilikotoka. Naye alivutiwa na bei, kama kamati ilivyovutiwa naye. Katoni nyingine za bechi ile zilikutwa bado ghalani mwake, na wakazizuia. Kama ile moja ingekuwa imerudishwa Jumamosi asubuhi, zote zingekuwa zimetoweka kabla ya chakula cha mchana.

Mweka hazina alikuja chumba cha dawa siku moja, akasimama dirishani kama mgonjwa. Akasema, "Binti yangu, nilikukosea." Mama Dawa akamwambia, "Mzee, hata mimi nilitia sahihi gizani."

Hilo nalo mlichukue, maana binti huyu alikosea pia. Mzigo ulifika usiku akaupokea kwa kuhesabu tu. Kama angengoja mwanga wa asubuhi kabla ya kuufungua kwa wagonjwa, wale watatu wasingepewa. Kwa hiyo tunawaomba kamati zote: dawa ikija jioni, ifungiwe, ikaguliwe kesho yake mchana karibu na dirisha, ndipo iingie rafuni. Mtunze kisanduku kimoja kitupu cha kila dawa mnayotumia sana, kutoka kwa msambazaji mnayemwamini, kiwe cha kulinganishia. Na hati ya mzigo isiyokuwa na nambari ya bechi msiipokee, kwa sababu bila nambari hiyo hakuna wa kuulizwa.

Lakini msitoke hapa mkidhani macho yatatosha. Mwigaji mwenye mashini nzuri atachapa jani lisilo na kivuli. Na dawa halali kabisa, iliyokaa mwezi mzima kwenye kontena la chuma juani, itakuwa na kisanduku kizuri na nguvu iliyopungua. Jicho linakamata baadhi tu. Mengine yanazuiwa pale mnaponunua: kwa muuzaji aliyesajiliwa, anayeweza kuonyesha karatasi za mzigo mpaka kwa mwagizaji. Bei ya nusu kwa dawa ambayo kila mtu anaitafuta ni kivuli cha manjano pia, na kamati ile ilikuwa imekiona wiki nzima kabla ya Mama Dawa.

Kile kisanduku cha kalamu kilirudishwa na Bodi baada ya miezi. Kiko mezani tena, kimechakaa pembeni, na ndani yake kuna mkasi.

Wenye maswali, tutakuwa chini ya mti mpaka chai iishe. Mungu awabariki.